Kotesheni yangu ya makuti haijajibiwa, nishushe bei?

*Assalam alaykum Ami,*

*Mimi ni fundi wa kuezeka makuti, naishi Muyeye hapa Malindi. Katikati ya Januari meneja wa hoteli moja ndogo upande wa barabara ya Casuarina aliniita nikapime paa la mkahawa na mabanda mawili ya wageni. Nikapima, na siku ya pili nikamtumia kotesheni kwa WhatsApp: shilingi 390,000, kazi na vifaa. Akajibu, "Sawa fundi, tutaangalia." Basi, tangu hapo kimya. Hii sasa ni wiki ya tano.*

*Nimemwandikia "Habari boss, vipi ile kazi?" si mara moja. Blutiki naziona, jibu silioni. Nimempigia, hashiki. Rafiki yangu asema nimwambie nitaifanya kwa 330,000, ataamka. Mke wangu asema niende nikakae langoni mpaka nimwone uso kwa uso. Mimi naona haya, nisije nikaonekana mwenye njaa. Na masika yanakuja, kazi zitakwisha. Picha ya kotesheni nimeiambatisha. Nifanyeje?*

*Fundi wa Muyeye*

Wa alaykum salaam, mwanangu.

Bei usiishushe. Huyo rafiki yako anakupenda lakini hesabu hajapiga. Uliponisomea daftari lako kwa simu niliandika hivi: makuti 126,000, boriti na fito 84,000, kamba na misumari 22,000, kuezua paa kuukuu na kutupa takataka 28,000, usafiri 20,000, na ufundi 110,000. Ukitoa 60,000 hutazitoa kwenye makuti wala kwenye boriti, maana hizo ni za watu. Utazitoa kwenye ufundi. Utabaki na 50,000 za kugawana na vijana wako kwa mapaa matatu. Na hakuna aliyekwambia ni ghali! Meneja hajasema neno juu ya bei. Ukimshushia kabla hajauliza, atajua kwamba kotesheni ya kwanza ilikuwa na 60,000 za hewa, na siku mwenye hoteli atakapotaka kupatana, mapatano yataanzia 330,000 yakienda chini.

Sasa nikueleze kinachotokea kwenye karatasi yako ikishafika hotelini, maana kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kununua vitu vya hoteli mjini humu, na kotesheni kama yako zilipita mikononi mwangu.

Kwenye picha uliyonitumia naona ukurasa wa kitabu cha risiti, umeandika kwa kalamu: "Kuezeka paa la mkahawa na banda 2, 390,000," chini yake nambari ya simu. Hakuna tarehe. Hakuna vipimo. Hakuna idadi ya makuti, wala siku za kazi, wala PIN ya KRA. Meneja wa hoteli ndogo ana kiasi anachoruhusiwa kutumia bila kuuliza, cha kutengeneza pampu au kununua balbu. Laki nne kasoro elfu kumi haimo. Lazima amuulize mwenye mali, na hoteli nyingi za upande ule mwenye mali ni Mtaliano anayekaa kwao sehemu kubwa ya mwaka. Kwa hiyo meneja ameishika simu, ameitazama ile picha, akajiuliza amtumie bosi wake nini. Bosi ataona mwandiko wa Kiswahili na tarakimu moja kubwa. Swali lake la kwanza litakuwa "mbona pesa zote hizi?", na meneja hana la kujibu, kwa sababu wewe hukumpa la kujibu. Basi ameiacha, ataishughulikia kesho.

Na wewe kila ukimwandikia "vipi ile kazi?" unamtaka aseme neno moja tu alilonalo, nalo ni "bado". Mtu mwenye haya hawezi kumwambia fundi "bado" kila wiki. Ananyamaza. Si kwamba amekukataa. Aliyekukataa mara nyingi husema haraka, "tumepata mtu mwingine", akapumua.

Kuna na la msimu. Januari na Februari ni kaskazi, wageni wamejaa, na hakuna meneja anayetaka vijana juu ya paa wakimwaga vumbi la makuti kwenye sahani za watu. Kwa nini basi alikuita Januari? Nadhani mvua za vuli zilivuja, wageni wakalalamika, akaambiwa atafute bei. Hilo ndilo jambo unalotakiwa kulijua: kazi hii wanaitaka lini. Kabla ya Pasaka hoteli imejaa. Baada ya Pasaka inapungua, wengine hufunga kabisa Mei na Juni, lakini hapo masika yamekwisha kuingia, na Mei kwa kawaida ndio mwezi wa mvua nyingi hapa kwetu. Nafasi ya kuezua mkahawa ukauacha wazi ni finyu, na meneja mwenyewe huenda hajaipigia hesabu. Fundi anayempigia hesabu hiyo atajibiwa.

Kabla hujamwandikia tena, piga simu moja kwanza, na si kwake. Wapigie akina mama wanaokushonea makuti, wa Ganda au popote unaponunua. Uliza kuti ni shilingi ngapi leo, na makuti 4,200 yatakuwa tayari baada ya muda gani. Ulihesabu kwa shilingi 30, na hiyo ilikuwa Januari. Karibu na masika kila mwenye nyumba anataka kuziba paa lake, na mvua ikishaanza majani hayakauki vizuri. Wakikwambia 35, kazi imepanda kwa 21,000, na wewe bado umemwachia mteja bei ya zamani isiyo na mwisho. Wakikwambia bado ni 30 lakini mpaka mwisho wa mwezi, hapo umepata kitu cha kweli cha kumwandikia. Nasisitiza cha kweli. Ukimtungia "bei inapanda Ijumaa" na Ijumaa ikapita bei ikiwa palepale, kila utakalosema baadaye litakuwa maneno ya sokoni.

Ukishapata majibu yao, mwandikie hivi, asubuhi ya siku ya kazi, saa nne na nusu au saa tano, wageni wakishamaliza chai na wanaoondoka wakishalipa. Mwisho wa mwezi muache, ana mishahara.

"Habari za asubuhi Bwana Meneja. Ni fundi wa makuti niliyepima paa la mkahawa na mabanda mwezi wa Januari. Nimeuliza washonaji: makuti ya mkahawa peke yake ni 2,600 na wanahitaji wiki tatu kuyatayarisha. Je, mngependa mkahawa uezekwe kabla ya Pasaka au baada ya wageni kupungua? Nikijua hilo nitakuandalia kotesheni mpya yenye tarehe na vipimo, ambayo unaweza kumtumia mwenye hoteli."

Ona kilichomo. Umemkumbusha wewe ni nani, maana ana mafundi kumi kwenye simu yake. Umempa habari ambayo hakuwa nayo. Umemuuliza swali moja, na jibu lake ni neno moja asiloona haya kulisema, "kabla" au "baada". Na umemwondolea ule mzigo wa kumweleza bosi. Usiongeze swali la pili. Usiandike "boss", wala "naomba sana", wala "tafadhali nifikirie". Sauti ya kurekodi pia usitume: hawezi kuisikiliza mbele ya wageni, na hawezi kuipeleka kwa mtu asiyejua Kiswahili.

Mpe siku tatu nne. Kama hajajibu, hapo ndipo mke wako anapata haki yake, lakini si kwa kukaa langoni. Nenda ukiwa na kazi ya kufanya. Mwambie askari, "nimekuja kukagua tena paa la mkahawa, nilipima Januari, meneja anajua," na umtumie meneja ujumbe kwamba uko langoni kwa ukaguzi wa nusu saa. Ukizuiwa, acha jina lako na uondoke kwa adabu. Mara nyingi utaruhusiwa, kwa sababu fundi aliyekuja kutazama paa ni mgeni tofauti na fundi aliyekuja kudai jibu.

Ukiingia, fanya mambo ambayo hukuyafanya mara ya kwanza. Simama ndani ya mkahawa taa zikiwa zimezimwa, tazama juu upande jua lilipo. Kila tundu la mwanga unaloliona ni tone la mvua la Aprili. Lipige picha. Kisha nenda kwenye upenu, omba ruhusa, chomoa kuti moja kuukuu ulikunje mkononi. Kuti zima hupinda na kupiga kelele, lililokwisha husagika likawa kama tumbaku. Lipige picha likiwa kiganjani. Halafu shika bisibisi uijaribu kwenye makombamoyo, hasa karibu na mtambaapanya, pale maji yanapokaa. Bisibisi ikizama bila nguvu, mti umeliwa ndani, na boriti ulizohesabu Januari hazitoshi. Hilo ni afadhali ulijue leo kuliko siku paa liko wazi. Picha tatu zinatosha. Ukituma ishirini hataangalia hata moja.

Na kama meneja atatokea, usianze na "ile kotesheni yangu". Mwonyeshe lile kuti lililosagika. Muulize: "Hapa chini vuli ilivuja wapi, meza gani mlizihamisha?" Atakuonyesha kwa kidole, na mtu akishaonyesha kwa kidole ameanza kuzungumza.

Ukitoka hapo, siku hiyohiyo au kesho yake, unamtumia kotesheni mpya. Igawanye. Ya kwanza uliifunga kazi yote pamoja, akabaki na mawili tu, kuitoa laki tatu na tisini yote au kunyamaza. Kwa vipimo vyako, paa la mkahawa ni mita 200 za mraba na mabanda yote mawili 120, nawe unahesabu makuti 13 kwa mita moja, ambayo ni mbanano mzuri. Kwa hiyo mkahawa ni makuti 2,600 na mabanda 1,600 ukijaza kidogo. Kwa bei zako mkahawa peke yake unatoka 245,000, mabanda 145,000. Ukifanya kwa awamu mbili itabidi ulete gari na ngazi mara ya pili, kwa hiyo awamu ya pili iandike 155,000 na ueleze kwamba hiyo 10,000 ni ya safari ya ziada. Jumla ya awamu mbili 400,000; yote kwa pamoja 390,000. Sasa ana mambo matatu ya kuchagua, na hakuna senti uliyoshusha. Akikwambia bajeti haitoshi, unapunguza kazi, si ujira: mkahawa unaovujia wageni utangulie, mabanda yasubiri.

Usikubali lakini kupunguza mbanano. Atatokea mtu akwambie weka makuti 9 kwa mita, itafaa. Itafaa mwaka mmoja au miwili, kisha itavuja, na jina litakalotajwa ni lako.

Karatasi yenyewe iwe ukurasa mmoja uliochapishwa, kuna saiberi kila pembe ya mji. Juu weka jina lako la kazi, simu, PIN ya KRA na tarehe. Katikati vipimo, idadi ya makuti, na zile bei za awamu. Chini siku za kazi, tuseme siku nane za mkahawa kama ndivyo ulivyohesabu, na masharti ya malipo. Kisha mstari unaosema bei hii ni halali mpaka tarehe fulani, wiki mbili kutoka leo au muda wowote ambao washonaji wako wamekuahidi kuishika bei. Ile kotesheni ya Januari iandikie kwamba imebatilishwa na hii, ili siku moja mhasibu asije akaziweka mbili mezani akachagua ya zamani. Itume kama PDF, na zile picha tatu uziweke ukurasa wa pili.

PIN si urembo. Tangu Januari 2024 KRA inataka gharama za biashara ziwe na ankara ya kielektroniki ya eTIMS, isipokuwa zile chache zilizosamehewa, la sivyo hoteli haiwezi kuzikata kwenye hesabu ya kodi. Mhasibu akiona kotesheni isiyo na PIN anajua atasumbuka mbele, anaiweka kando hata bila kumwambia meneja kwa nini. Kama hujajisajili, jisajili. Kwa fundi mdogo kuna njia nyepesi ya simu, na ofisi ya KRA Malindi watakuelekeza. Kisha andika wazi kwenye karatasi: "Ankara ya eTIMS itatolewa." Mstari huo umewahi kumpa fundi kazi mbele ya mwenzake aliyekuwa na bei ya chini, nami niliona.

Kuhusu lugha: mwenye hoteli akiwa Mtaliano, mwombe mtu akuandikie mistari mitatu ya Kitaliano juu ya ukurasa, inayosema paa lina hali gani, kazi ni siku ngapi, bei ni kiasi gani. Wazungumzaji hapa hawakosekani, tumekaa na Waitaliano tangu kituo cha San Marco kilipojengwa kule Ngomeni miaka ya 1960. Lakini usimwandikie mwenye hoteli moja kwa moja, hata kama nambari yake umeipata kwa mpishi. Ukimruka meneja, hata ukipata kazi hiyo utaifanya chini ya mtu uliyemvunjia heshima, na funguo za stoo anazo yeye. Mwambie meneja, "Bwana mkubwa akitaka kuuliza lolote la paa, niko tayari kuzungumza naye ukiwepo." Wakikupangia simu, kumbuka kwao sasa hivi wako nyuma yetu kwa saa mbili, saa tatu asubuhi yetu wao ndio kwanza wanaamka.

Hapo utasikia sababu halisi. Inaweza kuwa moto. Malindi imeshuhudia hoteli zikiteketea kwa sababu ya paa za makuti, na kampuni za bima zinaliangalia hilo. Mwenye mali huenda anafikiria makuti ya plastiki. Hiyo haimaanishi umeshindwa, ila usibishane naye kwa kuyasema vibaya. Mwambie ukweli unaoujua: ya plastiki bei yake ya kuanzia ni kubwa mara nyingi kuliko ya mnazi, hukaa miaka mingi zaidi, na kuhusu moto aulize cheti cha aina anayouziwa, maana si zote zinafanana. Kisha uliza kama makombamoyo yatabaki. Yakibaki, kuna kazi ya kuezua na kubadilisha boriti, nayo ni kazi yako. Nimeona mafundi wakiondoka wamenuna walipoambiwa plastiki, na kazi ya mbao ikachukuliwa na wengine.

Liko na jambo jingine ambalo hukuliandika, nami nalitaja kwa sababu lipo. Wakati mwingine kimya cha meneja kinasubiri chai. Utalijua akianza kusema "na mimi je?" au "tuonane nje ya hoteli". Mimi sikushauri. Sheria ya Kenya ya kuzuia hongo ya 2016 haiishii kwa watumishi wa serikali, inagusa na kampuni za watu binafsi. Na hesabu yako haina nafasi: akitaka tuseme asilimia kumi, 39,000, itatoka kwenye makuti, kutoka 13 kwa mita ushuke chini. Mjibu kwa upole kwamba bei imeandikwa mstari kwa mstari na haina mahali pa kuiingiza. Akikuacha kwa hilo, achana naye bila kumtangaza.

Sasa, utajuaje kama jambo liko hai? Sikiliza anachouliza. Akiuliza vijana watalala wapi, makuti makuukuu yatatupwa wapi, utaanza upande gani ili wageni waendelee kula, amekwisha kukuweka juu ya paa kichwani mwake. Akiuliza arubuni ni kiasi gani, karibu. Akiuliza "bei ya mwisho?" tu na hakuna jingine, hapo usifurahi wala usihuzunike, maana Malindi hata anayenunua ndizi anauliza bei ya mwisho. Mjibu kwa awamu: "Bei ya mwisho ya mkahawa ni 245,000, na mkifanya yote kwa pamoja mnaokoa 10,000." Ila akikuomba uorodheshe kila kipimo na aina ya boriti bila kuuliza lolote juu yako wala juu ya siku, yaelekea anatafuta karatasi ya kumpa fundi wake. Hoteli nyingi zinatakiwa kuwa na kotesheni tatu, na mara nyingine moja imekwisha kuchaguliwa tangu mwanzo. Ukurasa mmoja niliokueleza unatosha; mchoro wa paa na mpangilio wa boriti baki nao mpaka arubuni iingie.

Na kama kotesheni mpya nayo imenyamaziwa, ngoja mpaka siku mbili kabla ya ile tarehe uliyoandika, umtumie ujumbe mmoja wa kufunga:

"Bwana Meneja, kotesheni ya paa la mkahawa inafikia mwisho wake keshokutwa. Nisiposikia kutoka kwako nitawaruhusu washonaji wayauze makuti kwingine na nitapanga vijana kazi nyingine. Mkihitaji baadaye nitakuja kupima upya. Ahsante kwa kunipa nafasi."

Usiuandike kwa hasira wala kwa kutisha. Ujumbe huu huleta majibu kuliko yote, kwa sababu kusema "hapana" sasa hakumgharimu kitu, na kusema "ngoja" kuna maana. Akijibu "tungoje mpaka Juni", muulize tarehe na uiandike. Asipojibu, tekeleza ulilosema, peleka vijana kwenye kazi nyingine, usimwandikie tena msimu huu. Mrudie Septemba, wageni wa Agosti wakishaondoka na kabla ya vuli. Wakati huo masika yatakuwa yamepita juu ya lile paa, na zile picha tatu za Februari bado unazo. Mtumie moja, ile ya matundu ya mwanga, na umuulize tu hali ya mkahawa baada ya mvua.

Akikubali mapema, angalia masharti ya pesa. Kwa mkahawa wa 245,000 omba nusu kabla ya kuanza, 122,500. Hiyo inalipa makuti yote 78,000 na sehemu kubwa ya boriti. Asilimia 30, yaani 73,500, ilipwe paa kuukuu likishaezuliwa na makombamoyo mapya yakishasimama, na mwalike meneja apande atazame kabla hujafunika. Asilimia 20 iliyobaki, 49,000, siku ya kumaliza. Hoteli ikisema utaratibu wao ni kulipa baada ya siku 30, zile 20 wanaweza kuchelewesha, zile za mwanzo hapana. Na akina mama wa makuti usiwape oda kwa sababu ya "sawa fundi, anza" ya WhatsApp. Mpaka arubuni iingie kwenye simu au benki, 2,600 hizo ni deni lako wewe, si la hoteli.